"Ndiyo" ya mpigaji haithibitishi kitu: kwa mnaoanza kupima simu

Juzi nimekaa na fomu za wapimaji wapya wa simu za huduma kwa wateja, nikazisoma moja moja sambamba na maandishi ya simu zenyewe. Kwenye kuthibitisha mteja, wengi wenu mmetoa alama kamili mahali ambapo hapakustahili hata moja. Nawapenda, wadogo zangu, lakini hili sitalinyamazia, maana nililifanya mimi na likamuumiza mtu.

1. Salamu. Usipoiona, angalia muda wa mstari wa kwanza. Ukikuta maandishi yanaanzia sekunde ya 8, huenda maneno ya mwanzo hayakunaswa, kwa hiyo sikiliza sauti kabla hujamkata mhudumu alama.

2. Uthibitisho. Fomu yetu ilikuwa ya alama 100: salamu 10, uthibitisho 30, utatuzi 40, kufunga 20. Simu niliyokosea kuipima ilikwenda hivi:

Mhudumu: Naongea na mwenye akaunti, sivyo?
Mpigaji: Ndiyo.
Mhudumu: Tarehe ya kuzaliwa naona ni 14 Machi, sahihi?
Mpigaji: Eee, sahihi.
Mhudumu: Na namba yako inaishia na 62?
Mpigaji: Hiyo hiyo. Ila nimeipoteza, naomba mniwekee nyingine.

Nilikuwa natafuta maneno tu. Mwenye akaunti katajwa, tarehe ipo, namba ipo, nikatia tiki tatu na kuandika "uthibitisho safi". Sikujiuliza nani ametamka nini. Mpigaji hakutaja chochote. Majibu yote yalitoka kinywani mwa mhudumu, mpigaji akabaki kuitikia, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kufanya.

Siku tatu baadaye akapiga mwenye akaunti halisi. Hawezi kuingia, namba za siri za muda zinatumwa kwenye simu asiyoijua. Kiongozi wa timu akafungua fomu yangu mbele yangu: 100. Nikarudi kwenye simu nne za nyuma za mhudumu yuleyule, zote nilizipima mimi, na zote zilikuwa na mtindo ule wa "naona ni, sahihi?". Mhudumu huyo aliponiambia, "Dada, mbona ulikuwa unanipa alama zote?", sikuwa na jibu. Alikuwa anafanya kile ambacho fomu zangu zilimwambia ni sawa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata tiki zenyewe.

Tangu siku hiyo nasoma hivi. Kwanza naziba mistari ya mhudumu, nasoma ya mpigaji peke yake. Taarifa isipokuwa humo, haikuthibitishwa. Kisha natafuta mstari wa kwanza ambapo mhudumu ametoa siri ya akaunti au amebadilisha kitu. Uthibitisho lazima ukamilike juu ya mstari huo, kwa sababu ukija chini yake mlango umeshafunguliwa. Kwenye fomu naandika namba za mistari yote miwili, ili anayebisha aende aone. Kwetu sasa hili ni kosa kuu: simu nzima inapata sifuri, hata kama salamu ilikuwa tamu.

Kuna mahali njia hii inakwama. Wakati mwingine majina ya wasemaji hupinduliwa, ukiona "Mteja" anasema "nikusaidie nini?", acha maandishi, sikiliza sauti. Tarakimu zikiwa zimefichwa kwa nyota, utajua nani alizitaja, lakini kama zililingana na za kwenye mfumo utajua tu kwa kufungua kumbukumbu ya akaunti. Na aliyepiga kuuliza saa za kazi tu hahitaji kuthibitishwa. Andika "haihusiki", usiweke sifuri.

3. Utatuzi. "Nitalifuatilia" ni ahadi. Fungua tiketi uone kama kilichoahidiwa kimefanyika, na kama mteja alipiga tena kwa shida ileile. Nimewahi kupima simu ya dakika 4 iliyojaa pole na samahani, tiketi yake haikufunguliwa kabisa.

4. Kufunga. Simu ikikatika yenyewe kabla ya kuaga, kipengele hakihusiki, na hapo ndipo hesabu zenu zinapoharibika. Mhudumu amepata 72 kwenye vipengele vitatu vilivyobaki. Ninyi mnaandika asilimia 72. Ondoeni 20 za kufunga kwenye jumla pia: 72 gawanya kwa 80, ni asilimia 90. Mmoja wenu wiki hii amempeleka mhudumu kwenye mafunzo ya marudio kwa sababu ya laini iliyokatika. Leo nimeirekebisha fomu hiyo, na aliyeijaza ataniambia kesho kama ameshaenda kumweleza mwenyewe.