Praima inatoka vijipunje

"Nikipaka fandesheni juu ya praima inatoka vijipunje. Ni hizo silikoni?"

Huenda. Dimethikoni, silikoni inayotumika sana kwenye praima, haizami kwenye ngozi. Inatanda juu na kujaza vinyweleo na mikunjo, ndiyo maana uso unalainika papo hapo. Fandesheni ya maji haishiki vizuri hapo, na ukisugua inajiviringisha. Paka praima kidogo sana, isubiri itulie, kisha gongagonga fandesheni kwa sponji.

Wanaosema kwamba inaziba ngozi wamepatia nusu: hewa na mvuke vinapita, ila usiponawa vizuri usiku, inabaki usoni pamoja na vipodozi. Wengine wanakwepa silikoni kwa sababu ya mazingira, maana baadhi ya silikoni nyepesi hazioziki upesi; Umoja wa Ulaya umeziwekea mipaka. Mimi ule utelezi tu unanikera.