Mkeo kapiga hesabu, wewe umepiga hadithi

*Shangazi, nina ofa mbili. Dar wananipa 1,800,000 kwa mwezi, sina nyumba. Pango 350,000, nauli kama 130,000. Morogoro ni 1,400,000 na nyumba ya kampuni, ofisi ni hatua chache, na nyumba kama ile mtaani inapangishwa 150,000. Mke wangu anang'ang'ania Morogoro, hapendi maendeleo. Nimemwambia nitatangulia Dar, yeye na watoto watafuata mambo yakikaa sawa. Nimfanyeje aelewe? (Bodi ya Mikopo bado wananikata.)*

Mwanangu, pole kwa njia panda. Ila deni la Bodi umelificha kwenye mabano, na ndilo linalokuumbua.

Tuanze na Dar. NSSF wanachukua 10%, yaani 180,000. Zinabaki 1,620,000 za kutozwa kodi: kwenye milioni ya kwanza unalipa 128,000, na kila kinachozidi hapo kinakatwa 30%, jumla 314,000. Bodi nao wana 15% ya mshahara wote, 270,000. Mkononi inafika 1,036,000. Toa pango na nauli, unabaki na 556,000.

Morogoro, NSSF ni 140,000, kodi 206,000, Bodi 210,000. Na usidhani nyumba ya kampuni ni ya bure: mbele ya kodi nayo ni kipato. Kwa hali yako watahesabu lile pango la mtaani, 150,000, wakukate 30% yake, 45,000. Unabaki na 799,000, na umeshalala ndani.

Mkeo anakushinda kwa 243,000 kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari analo yeye.

Halafu hiyo "nitatangulia" nimeisoma mara mbili. Ukiwa Dar peke yako, watoto wanakula wapi na wanalala wapi? Hizo 556,000 zitagawanywa nyumba mbili, na nauli ya kuja kuwaona juu yake. Vijana wa siku hizi mnaoa, kisha mnatafuta kazi ya kuwakimbiza kwenye ndoa, mnaiita maendeleo. Mambo hayo huwa hayakai sawa hadi mke apande basi mwenyewe bila kupiga simu.

Dar ina haki moja: michango yako na ya mwajiri NSSF itakuwa 360,000 badala ya 280,000. Na nyumba ya kampuni unaiacha siku unayoacha kazi. Hayo mzungumze wawili, mezani.

Ukiipenda Dar kweli, rudi kwao uombe nyongeza, ila ujue kwamba kwa makato yako kila 1,000 wanayoongeza inakufikia 480 tu. Ili ulingane na Morogoro, waambie 2,310,000. Wakikataa, mpe mkeo mkataba wa Morogoro ausome kabla hujasaini, hasa kifungu cha nyumba: nani analipa umeme na maji, na mkataba ukiisha mnapewa siku ngapi za kuhama.