Mtoto akikujibu "marahaba" kabla hajakuamkia

Mwanangu wa mwisho alipokuwa na miaka miwili na nusu tulikwenda kwa bibi yake, mama mkwe wangu, Tanga. Nikamsukuma mbele taratibu, nikamwambia: "Haya, shikamoo bibi." Akanigeukia mimi, akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Watu ukumbini wakaangua kicheko. Mimi, badala ya kucheka, nikamfokea. Mtoto akajificha nyuma ya gauni langu na hakumwamkia mtu siku nzima.

Aliyekosa nilikuwa mimi. Mtoto alisikia shikamoo inamjia, akaijibu kama anavyosikia ikijibiwa.

Usiku ule mama mkwe alinieleza jambo ambalo nilikuwa silifikirii. Shikamoo, alisema, ni "nashika moo" iliyofupishwa, yaani nashika miguu yako. Mdogo anainama, hata kama siku hizi anainama kwa maneno tu. Sasa mtu akishashika miguu yako huwezi kumwacha pale chini. Marahaba ndiyo ya kumwinua. Neno lenyewe limetoka Kiarabuni, na asili yake ni upana, nafasi. Ni kama kusema karibu, pana nafasi yako hapa. Waarabu wenyewe huamkiana nalo, mtu yeyote kwa yeyote, lakini sisi tumelifungia kwenye jibu la mkubwa peke yake.

Ndiyo maana, kwa mama mkwe, marahaba tupu haijatimia. Anapokea, halafu anauliza: "Marahaba mwanangu, hujambo?" Hiyo hujambo ndiyo zamu ya mtoto kuulizwa hali yake, na hapo ndipo mkubwa anaposikia kama amelala na homa au kama kaka yake kampiga. Mzee anayesema "marahaba" huku macho yake yako kwenye simu amechukua heshima na hajarudisha kitu. (Wapo pia wanaokataa kabisa: "Usinizeeshe bwana!" Kwa mtu mzima mwenzako ni utani, lakini mtoto wa watu unamwacha amesimama hajui la kufanya.)

Kwa mtoto mdogo ugumu uko hapa. Salamu nyingi zinarudi zilivyokuja au zinakaribiana. Shikamoo hairudi hivyo, kwa sababu kila neno lina mwenyewe. Mtoto hawezi kujua neno lipi ni lake mpaka ajue yeye ni nani mbele ya yule mtu, na hilo halijui kwa kuambiwa, analijua kwa kuona.

Kwa hiyo niliacha kumsemea usoni. Siku hizi nikifika na mtoto mahali, mimi ndiye ninayeanza: "Shikamoo mama." Yeye yuko ubavuni kwangu, ananiona nami nikiwa mdogo wa mtu. Mama anajibu. Kisha namwambia mtoto, "Mwamkie bibi," bila kulitaja neno lenyewe. Mara ya kwanza alinyamaza. Bibi akamngoja, hakumkazania. Mara ya tatu au ya nne likatoka: "Kamoo." Bibi akaitikia papo hapo, "Marahaba babu, hujambo?" Naye akajibu, "Hujambo."

Hilo nalo lina sababu. Hujambo inataka ageuze aseme sijambo, na watoto hupenda kurudisha neno zima walivyolisikia. Usimkatize kwa "Siyo hivyo!" Bibi alisema tu, kama anayemjibia, "Sijambo, eeh?" akaendelea na mambo mengine. Ilichukua kama miezi miwili. Mahali pengine panapolinyoosha hili ni darasani, maana pale wanasimama wote na kuimba: "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo mwalimu!" Mtoto aliyekuwa akirudisha hujambo anachukuliwa na sauti za wenzake.

Kuhusu kujibu marahaba yenyewe, hakuna anayefundishwa. Nyumbani kwetu waliianza kwenye mchezo: mmoja anajifanya babu, ameshika ufagio kama bakora, wengine wanapanga foleni kumwamkia. Niliwahi kumkuta yule wa mwisho ameweka mdoli mbele yake, anamlazimisha: "Niamkie! Sema!" Halafu anajijibia kwa sauti nzito, "Marahaba." Hapo nikajua ameshapata pande zote mbili.

Mkubwa wake sasa ana miaka kumi na miwili. Juzi tulikuwa dukani, mtoto wa jirani, wa chekechea, kamfuata: "Shikamoo kaka." Akanitazama. Nikajifanya nahesabu chenji.

"Poa," akasema.

Yule mdogo hakuondoka. Alibaki amesimama pale pale, anamwangalia, anangoja. Mwanangu akakuna kichwa, akacheka kidogo kwa aibu: "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo," akasema mtoto, akakimbia zake.