Laki tatu mkononi mwake, ngapi mfukoni mwako?

*Nina fremu ya spea za pikipiki hapa Masasi. Msimu wa korosho napata faida hadi milioni moja na nusu kwa mwezi, ila masika inashuka mpaka laki sita na nusu. Nataka kuajiri kijana, wa kwanza tangu nifungue. Anataka laki tatu mkononi. Jamaa anayenitengenezea hesabu anasema nimwandike kibarua, nimlipe kwa siku, hapo NSSF na mengine hayanihusu. Nimpe hiyo laki tatu? – Mama Fremu, Masasi*

Dada, huyo jamaa yako tumweke pembeni kwanza, nitamrudia. Linaloniudhi zaidi ni hilo neno "mkononi". Nalisikia kila wiki, na wafanyabiashara wanalikubali kwa kupeana mikono bila kujua wameahidi nini.

Sheria haijui mkononi. Mkataba unaandika mshahara kabla ya makato, na kila asilimia inapigwa hapo. Ukiahidi laki tatu mkononi, makato ya kijana umeyabeba wewe. Ili abaki nazo inabidi umwandikie kama 336,000: asilimia 10 yake inakwenda NSSF, 33,600, na kwa kuwa kinachobaki kimevuka 270,000 panapoanza PAYE, kodi ya mshahara, kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 8, kama 2,600. Kisha inakuja zamu yako. Unaongeza asilimia 10 ya NSSF upande wa mwajiri, 33,600 nyingine, pamoja na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 1,680. Hiyo ya fidia ni ya mwajiri peke yake, hairuhusiwi kumkata kijana hata senti. Jumla ni zaidi ya 371,000 kila mwezi, na bado hajaugua wala hajaenda likizo.

Kwa hiyo usianze na anachotaka. Anza na mwezi wako mbaya. Pesa ya Novemba, minada ikiwa imepamba moto na kila mwenye pikipiki anataka tairi mpya, haikulipii mshahara wa Machi. Mshahara ni ahadi ya miezi kumi na miwili na mnada hauna hiyo ahadi. Umesema masika faida ni 650,000. Hukuniambia nyumba yako inakula ngapi humo, nami naomba uitoe kwanza, maana wengi husahau kwamba faida ya fremu ndiyo mshahara wa mwenye fremu. Tuseme ni 350,000. Imebaki 300,000, na hiyo ndiyo gharama yote unayoimudu. Mshahara wenyewe uko chini ya hapo.

Kuupata, gawanya 300,000 kwa 1.13. Ile 0.13 ni NSSF yako, mfuko wa fidia, na akiba ndogo ya kiinua mgongo, kwa sababu ukimwachisha kazi baada ya mwaka pasipo kosa lake, unadaiwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza. Jibu linaangukia kama 265,000. Hebu tulipime: mshahara 265,000, NSSF yako 26,500, fidia 1,325, akiba ya kiinua mgongo kama 6,000 kwa mwezi. Inafika 298,800 na kidogo. PAYE haipo, maana yuko chini ya 270,000. Yeye anaondoka na 238,500. Hicho ndicho kiwango chako, dada, na mwambie hivyo hivyo, kwa karatasi, aone NSSF yake inakwenda wapi. Ukitaka kumpa cha msimu, mpe bonasi ya Novemba na Desemba iliyoandikwa kuwa ni ya msimu. Nayo ni pato la kazi, inaingia kwenye hesabu ya kodi, lakini Machi haikudai.

Kabla hujaandika, linganisha na kima cha chini cha sekta ya biashara katika amri ya mishahara inayotumika siku hiyo. Amri ya 2022 ilikiweka 150,000, na amri mpya zikitoka kinapanda. Ikitokea hesabu yako imeangukia chini ya kima hicho, suluhisho si kumpunja. Umwajiri kwa saa chache.

Saa zenyewe ndizo zinazowamaliza watu, si NSSF. Fremu nyingi za huku zinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Toa saa moja ya chakula, zidisha kwa siku sita, unapata saa 60. Mshahara wa mwezi unanunua saa 45 kwa wiki. Zile 15 ni za ziada, na kwa wiki nne zinakuwa 60 wakati sheria inaruhusu 50 tu. Hata ukizipunguza zikawa 10 kwa wiki, gawanya 265,000 kwa 195, ndizo saa za kawaida za mwezi, upate malipo ya saa moja, kisha zidisha kwa moja na nusu: inazidi 2,000 kwa kila saa, zaidi ya 88,000 kwa mwezi. Hiyo ni mara tatu ya NSSF uliyokuwa ukiikimbia! Fungua na funga mwenyewe. Yeye aingie saa 2 na nusu, atoke saa 11, ale saa moja katikati. Hiyo ni saa saba na nusu kwa siku, 45 kamili kwa wiki.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka zenye malipo. Ukikaa dukani mwenyewe, inakugharimu jasho. Ukiweka mtu wa muda kwa malipo hayo hayo, tenga kama 22,000 nyingine kila mwezi, na mshahara unaoumudu unashuka tena.

Sasa huyo jamaa. Vishoka wa hesabu wamejaa Mtwara na Lindi, na dawa yao ni hiyo moja: "mwandike kibarua". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii ulichoandika daftarini. Inauliza nani anapanga saa zake za kazi, nani anampa vifaa, anamtegemea nani kwa riziki, na kama kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Hata moja kati ya hayo ikiwepo, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kijana wako anafikisha hizo saa 45 kwa wiki moja. Na vishoka hao hao ndio wanaowatoza watu wenye mfanyakazi mmoja "pesa ya SDL", tozo inayomhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Akikuletea hiyo, mwombe risiti.

Niliwahi kuitwa na mwenye duka mmoja aliyemlipa "kibarua" wake 240,000 kwa miaka minne. Walipokosana, kijana alikwenda kudai. Michango ya NSSF, asilimia 20, ni 48,000 kwa mwezi. Kwa miezi 48 ni 2,304,000, kabla ya adhabu ya kuchelewesha. Nusu yake ingekuwa ya kijana, lakini mishahara ile ilishalipwa na kuliwa, hakukuwa na pa kukata. Alilipa yote mwenyewe. Aliyemshauri alikuwa amekwishahama fremu, na simu yake haikupatikana.