Kibudu cha kiboko hakitibiwi na sufuria

Msomaji mmoja wa upande wa Magu ameniandikia: kiboko ameonekana amekufa ufukweni, hana jeraha la risasi wala mkuki, na vijana wameshanoa visu. "Kaka, tukichemsha saa tatu si inatosha?"

Usichemshe. Usimguse kabisa.

Mnyama aliyekufa bila sababu inayoonekana huenda ana kimeta. Mwaka 2004 ugonjwa huu uliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, na nyumbu na pundamilia nao huupata. Dalili zake ni damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa, mzoga kuvimba upesi na mwili kutokakamaa vizuri. Lakini kiboko aliyelala majini huenda damu imeshaoshwa, kwa hiyo kutoiona si kibali cha kumla.

Watu wengi wanawaza sufuria, na mimi nasisitiza kisu, kwa sababu hatari huanza hapo. Mzoga ukiachwa mzima, vimelea vya kimeta vilivyomo ndani hufa kwa wingi nyama inapooza, maana hewa haiwafikii. Ukiupasua, damu inakutana na hewa na vimelea vinageuka spora, kama mbegu zenye ganda gumu, zinazoweza kukaa kwenye udongo kwa miaka mingi zikingoja ng'ombe wa jirani aje kulisha. Anayechuna, zinampitia kwenye mkwaruzo mdogo tu wa kidole. Yote hayo hutokea kabla moto haujawashwa. Na moto wenyewe si wa kuutegemea: pande nene la nyama katikati hupata joto polepole, na la kubanika au kukausha kwa moshi ndiyo kabisa.

Kwa hiyo wazuieni mbwa na watoto, msiuburute mzoga, na mpigieni mwenyekiti wa kijiji, afisa mifugo na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kuuchoma au kuuzika kwa kina ni kazi yao, wakiwa na vifaa vya kujikinga.

Mwenye hamu ya nyamapori anunue kwenye bucha lenye kibali, mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na nyama ikakaguliwa. Hata hiyo ikate vipande vya unene wa vidole viwili, ipike mpaka katikati isibaki wekundu, na kisu chake kisiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Kama mmeshashika kile kibudu, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka sasa hivi, kisha mjichunguze kwa wiki nzima na zaidi. Kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, halafu kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, ndicho kimeta cha ngozi. Aliyekula, aangalie homa, tumbo kuuma, kutapika au kuharisha damu. Nendeni zahanati siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa mganga liwe hili: "Nilishika mzoga." Dawa za kuua bakteria zinafanya kazi vizuri zikianza mapema, na bila kuambiwa hivyo anaweza kudhani ni jipu au malaria.