Maswali na majibu: Pima godoro lako, mwache jirani

Nauza magodoro ya sponji. Langu la futi 5 kwa 6, inchi 8, ni 240,000. Duka la jirani la ukubwa huo huo ni 120,000. Kila nikiposti, maoni ni "mbona ghali?" Nielezeje bila kumgusa jirani? (Morogoro)

Ndugu yangu, tofauti yenyewe imo ndani ya sponji, basi anzia humo. Futi na inchi humwambia mteja ukubwa tu, hazimwambii humo ndani sponji ni kiasi gani na hewa ni kiasi gani. Hilo hujulikana kwa uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Viwandani huitwa densiti. Madukani limebaki neno tupu, "hai densiti", linachapwa kwenye kava la godoro zito na la godoro jepesi vilevile.

Piga hesabu. Godoro lako lina karibu mita za ujazo 0.57. Kama sponji yake ni ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, likivuliwa kava litakuwa na kilo 14 hivi. La ukubwa huo huo lenye sponji ya kilo 16 litakuwa na kilo 9. Mteja anayelipa zaidi ananunua hizo kilo 5. Sponji nyepesi ikilaliwa kila usiku huchoka mapema, katikati panafanya bonde na hapainuki tena.

Kwa hiyo kiulize kiwanda densiti, tena wakupe kwa maandishi, kisha lipime mwenyewe kwenye mizani. Ukishapata namba, andika hivi:

"Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8. Sponji ni ya kilo 25 kwa mita ya ujazo. Bila kava lina kilo 14. Waranti ya kubonyea miaka 5. Bei 240,000. Yapo ya ukubwa huu kwa nusu ya bei, na kwa chumba cha wageni yanaweza kukutosha. Popote utakaponunua, omba lipimwe."

Najua sentensi ya chumba cha wageni utataka kuifuta. Iache. Kitanda kinacholaliwa mara nne kwa mwaka hakihitaji kilo 14, na mteja anayekuona umekiri hilo ataziamini namba zako nyingine. Anayelala na mwenzake kila siku atajichagulia mwenyewe.

Akikuuliza faraghani kuhusu bei, mgawie kwa miezi: 240,000 kwa waranti ya miezi 60 ni 4,000 kwa mwezi. La 120,000 likidumu miezi 30 yamekuwa sawa, na likizidi hapo, yeye amefaidi kuliko angenunua kwako. Mwambie na hilo. Usimwambie kwamba la bei nafuu litakufa ndani ya mwaka, kwa sababu hujui.

Ila mizani nayo hudanganywa. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito bila kuwa imara. Sugua ukingo uliokatwa: ukiona vumbi jeupe mkononi, zile kilo si za sponji. Na kama godoro lako ni la vipande vya sponji vilivyogandishwa pamoja, hesabu hii usiitumie kabisa. Hayo ni mazito kwa asili yake, na kuyashindanisha na sponji nzima ni kumdanganya mteja kwa namba za kweli.

Nisipowataja washindani wangu, wateja watajuaje nawazungumzia akina nani? (Mwanza)

Hawapaswi kujua. Na "wale wa mtaa wa pili wenye kava la kijani" ni kutaja jina.

Naweza kuandika "epuka magodoro feki ya bei rahisi"? (Dodoma)

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Feki ni bidhaa iliyobandikwa nembo isiyo yake. Godoro la kilo 9 linalouzwa kwa jina lake lenyewe na kwa bei yake ni jepesi, basi, na kuna mtu halali anayelihitaji: mwanafunzi wa bweni, mpangaji anayeanza maisha. Ukimwita muuzaji wake tapeli wakati hakudanganya, anayedanganya ni wewe. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, chini ya Tume ya Ushindani, inayokataza kauli za kupotosha katika biashara, na kauli ya kwenye simu nayo ni kauli. Kama kweli umekuta nembo iliyoghushiwa, peleka taarifa kwa Tume, usiigeuze tangazo.

Nilinunua godoro la bei nafuu, nikalichana na kulirekodi kando ya langu. Nembo nimeifunika. Kuna shida? (Tanga)

Zipo tatu. Umechana moja tu, hujui kama la pili na la tatu yako hivyo hivyo. Kava bado linaonekana, na mji mzima unajua ni la nani. Tena katika video umelibonyeza lao kwa ngumi, lako kwa kiganja. Mimi nimeliona na wateja wataliona.

Futa, kisha fanya hivi: kiombe kiwanda chako vipande viwili vya sponji yao, cha kilo 16 na cha kilo 25, ukubwa sawa. Vipime mbele ya kamera, viwekee tofali moja moja lenye uzito sawa usiku kucha, asubuhi ondoa na uonyeshe kila kimoja kimerudi kiasi gani. Vyote viwili ni vya kwako, hakuna wa kulalamika, na mteja amejifunza jambo atakalolitumia duka lolote. Ila mwambie wazi kwamba usiku mmoja wa tofali si miaka mitano ya kulaliwa.

Mteja ameandika kwenye maoni, "Si wale jamaa wa stendi hao? Wameniliza!" Nifanyeje? (Iringa)

Usiweke kopa wala kidole gumba. Ukiweka, wewe ndiye umesema. Jibu: "Pole sana. Waone hao waliokuuzia ukiwa na risiti. Mimi naweza kukuonyesha namna ya kulipima lolote utakalonunua." Akiendelea kutaja jina, ficha maoni hayo na umweleze sababu kwa ujumbe binafsi.

Je, niseme magodoro laini ya bei nafuu yanaharibu mgongo? (Arusha)

Usiseme. Kwanza unachanganya mambo mawili: densiti ni wingi wa sponji, ugumu ni namna inavyokubeba, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu kama ubao. Pili, hata hayo magumu si dawa. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Lancet ulifuatilia watu wenye maumivu sugu ya kiuno, na waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Mteja mwenye mgongo mwache alale dukani dakika kumi, ubavu na chali, kwenye magodoro ya bei zote ulizonazo. Akichagua la chini, mwandikie risiti ya hilo.