Barua kwa mwanangu: kurasa tisa ziwe ukurasa mmoja

"Baba, chuo kimenipa ripoti ya mwaka, kurasa tisa. Mfadhili anataka nimwandikie mwenyewe barua fupi ya kueleza ripoti imesema nini. Nimejaribu mara tatu, kila mara inatoka orodha ya masomo. Na ile Takwimu niliyoanguka, niitaje au niiache ripoti ijisemee?"

Mwanangu,

Ripoti yako niliichapisha pale stendi ya Kakamega nikakaa nayo jioni mbili, kalamu mkononi, kama enzi zile nikiwa mwalimu wa darasa. Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja shuleni kwetu tulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja waliolipiwa na mfadhili mmoja. Ili kuokoa muda niliandika barua moja ubaoni, wote wakanakili, kila mmoja akajaza alama zake. Jibu lilikuja: mfadhili alishukuru kwa "barua" na akaomba kujua wale wengine kumi wanaendeleaje. Niliona aibu mpaka leo.

Sasa tuje kwako. Masomo 14 hayahitaji sentensi 14. Chukua kikokotoo. Muhula wa kwanza masomo yako saba yana jumla ya 408, wastani 58.3. Muhula wa pili jumla ni 455, wastani 65 kamili. Mwaka mzima ni 863 kwa 14, yaani 61.6. Mwaka jana ulikuwa na 57.5. Basi habari kuu ya kurasa tisa ni hiyo: umepanda, na ulipanda zaidi baada ya Krismasi.

Nimeona kwenye rasimu yako uliandika wastani wa 63.8. Nilishangaa umeutoa wapi, kisha nikaelewa: uliiondoa Takwimu, ukagawa 829 kwa 13. Usifanye hivyo. Ripoti yenyewe utaiambatisha, na mtu yeyote mwenye kalamu atajumlisha. Alama mbili hizo hazitoshi kununua shaka.

Jambo la pili ndilo watu wengi hawalifikirii. Mfadhili wako yuko Marekani. Katika shule nyingi za kule, A huanzia 90, na chini ya 60 ni kuanguka. Mama wa watu akisoma 61.6 bila maelezo, atadhani umeponea chupuchupu. Chuoni kwenu A huanzia 70, B ni 60 hadi 69, na 40 ndiyo ya kufaulia. Kwa hiyo una B. Ukimwandikia namba, mpe na kipimo chake hapo hapo, kwenye sentensi ile ile, asiende kukitafuta ukurasa wa nane. Wala usimgeuzie alama zako ziwe za Kimarekani. Hazigeuki sawasawa, na utaonekana unajipandisha.

Sasa Takwimu. Itaje, na uitaje katikati ya barua, usiifiche mwisho baada ya shukrani. Lakini 34 peke yake haisemi kitu. Itazame ilivyogawanyika: kwenye majaribio ya darasani, yale mnayoyaita kati, ulipata 22 kwa 30. Kwenye mtihani wenyewe ulipata 12 kwa 70. Mtu asiyejua somo hapati 22 kwa 30. Mgawanyo huo ndio unaothibitisha maneno yako kwamba siku ile ulikuwa na malaria. Bila huo, malaria ni kisingizio kama visingizio vingine. Nimevisikia miaka ishirini na tisa.

Ila usimwachie malaria lawama yote. Kanuni zimechapishwa ukurasa wa pili wa ripoti: ukienda zahanati kabla ya mtihani ukapata barua, unapewa mtihani maalumu na alama zako zinahesabiwa zote. Ukishaingia chumbani ukaandika jina, umefanya. Kinachobaki ni saplimentari, yaani kurudia mtihani, na hiyo hata ukipata 80 utaandikiwa 40. Jumla yako itakuwa 869, wastani 62.1. Mwambie hivyo mapema, ili mwakani akiona 40 asifikiri umeponea tena.

Maoni ya wahadhiri yanachukua kurasa mbili na mengi ni "ana bidii" na "aendelee hivyo." Niliandika maneno hayo mara elfu nikiwa nimechoka, nayajua thamani yake. Chukua moja tu, la yule wa sayansi ya udongo: ripoti zako za shamba zinafika kwa wakati lakini majedwali hayaonyeshi vipimo. Huyo alikusoma kweli. Mtu anayekosolewa kwa jambo mahususi na akalitaja mwenyewe huaminiwa hata anapojisifu.

Nimekuandikia mfano. Wewe utaugeuza kwa Kiingereza chako, na usinakili, unajua kwa nini.

"Natumaini u mzima. Ripoti ya mwaka wangu wa pili nimeiambatisha. Haya ndiyo yaliyomo. Nilisoma masomo 14 na wastani wangu ni 61.6, kutoka 57.5 mwaka jana. Chuoni kwetu daraja la A huanzia 70 na kufaulu huanzia 40, kwa hiyo nina B.

Nilianguka somo moja, Takwimu, kwa alama 34. Kazi za darasani nilipata 22 kati ya 30, lakini niliingia kwenye mtihani nikiwa na malaria nikapata 12 kati ya 70. Nilipaswa kwenda zahanati kwanza nikaomba mtihani maalumu. Sikwenda. Nitaurudia Septemba, na kwa kanuni nikifaulu nitaandikiwa 40, si zaidi.

Somo lililonikaa ni la udongo, 73. Tulipima udongo wa shamba la baba yangu, tukapata pH 5.1. Udongo wenye asidi namna hiyo hushikilia fosforasi ya mbolea, mahindi yasiipate. Miaka yote baba alidhani anauziwa mbolea mbovu. Mhadhiri ameandika kuwa majedwali yangu hayaonyeshi vipimo, na ni kweli. Sasa naandika kilo au hekta juu ya kila safu kabla ya namba yoyote. Asante kwa karo ya mwaka huu."

Hapo kwenye mbolea nimejitoa mhanga mwenyewe, lakini ndiyo sentensi atakayomsomea jirani yake. Chokaa ya kupunguza hiyo asidi nimeshaiulizia bei.

Umeona sikuweka popote ombi la pesa. Kwenye rasimu yako aya ya mwisho inaomba ada ya saplimentari. Iondoe. Barua ya kueleza ripoti ikibeba ombi, yote yaliyotangulia yanasomwa kama utangulizi wa ombi hilo, hata kuanguka kwako. Tumemuuza yule ndama mwekundu. Ada itaingia kwenye simu yako Ijumaa.

Nitumie ya Kiingereza kabla hujaituma, nikague namba tu, lugha sitaigusa. Mama yako anauliza kama dawa ulizimaliza zote au uliacha ulipoona nafuu.

Baba yako